Beji ya Mionzi Husema Ilikokuwa

Kwa muda wa mwaka mzima, majibu ya fundi huyu wa eksirei yalikuwa yakirudi tulivu: 0.18, 0.25, 0.19, 0.22. Hizi ni milisiveti, kizio cha dozi ya mionzi inayompata mtu, na kila namba ni ya miezi mitatu. Kisha robo iliyofuata jibu likaja 6.6. Hospitali ilikuwa ileile, mashine ileile, na idadi ya wagonjwa haikubadilika. Kama robo nne zingekuwa hivyo, angefika milisiveti 26.4 kwa mwaka, wakati kikomo cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usizidi 50.

Fundi huyu na hospitali yake nimewatunga kwa ajili ya makala hii, lakini kisa chake kinajulikana na kila anayesoma beji za mionzi. Nitamfuata yeye hadi mwisho, kwa sababu hatua zilizopitiwa kutoka ile 6.6 hadi kwenye jalada lake zinaonyesha beji inajua nini, na ni nini haiwezi kukijua kamwe.

Umewahi kuiona beji hiyo hata kama hukuitambua. Ni kibao kidogo cha plastiki, kimebanwa kifuani au kiunoni mwa anayekupiga picha ya eksirei. Wengi hudhani kinamkinga. Hakikingi chochote. Mionzi hupita ndani yake kama inavyopita ndani ya shati. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya mionzi iliyopita pale kilipokuwa, na kumbukumbu hiyo haionekani kwa macho mpaka isomwe maabara. Kwa Tanzania, huduma ya kupima dozi za wafanyakazi kwa beji hizi hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki.

Beji za zamani zilikuwa za filamu. Mwaka 1896, Henri Becquerel aligundua mionzi ya urani baada ya kukuta bamba la picha limeingia weusi ingawa lilikuwa limefungwa kwenye karatasi nyeusi. Beji ya filamu inatumia jambo hilohilo. Ndani ya ganda kuna kipande cha filamu kilichofungwa kisipate mwanga. Mionzi ikipita, chembe za chumvi ya fedha zilizo kwenye filamu huguswa, na filamu inaposafishwa katika chumba cha giza, chembe zilizoguswa hugeuka nyeusi. Kipima weusi hueleza ni mwanga kiasi gani unaoweza kupenya pale, kisha weusi huo hulinganishwa na filamu nyingine zilizopigwa kwa dozi zinazojulikana na kusafishwa siku hiyohiyo, kwa dawa hiyohiyo.

Ganda la beji hiyo lina dirisha lililo wazi na vichujio kadhaa: plastiki, alumini, shaba au bati, na risasi. Mionzi dhaifu huzuiwa na shaba na kupita kwenye dirisha. Mionzi yenye nguvu, kama ile ya iridiamu 192 inayotumiwa kukagua maungio ya mabomba, hupita kote karibu sawasawa. Kwa hiyo msomaji wa filamu haoni weusi mmoja, anaona ramani ndogo ya vivuli, na ramani hiyo humwambia mionzi ilikuwa ya aina gani.

Vivuli hivyo vina siri moja zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofanya wazee wa kazi hii waipende filamu. Mtu anayefanya kazi hugeuka, huinama, hutembea. Mionzi humfikia kutoka pande nyingi, na kingo za vivuli kwenye filamu yake huwa zimefifia. Beji iliyosahauliwa mezani hupigwa kutoka upande mmoja tu, nayo hutoa vivuli vyenye kingo kali kama vya jua la saa saba. Msomaji mzoefu alikuwa akiinua filamu kwenye taa na kusema: hii haikuvaliwa. Tena filamu ile ilibaki. Mtu mwingine angeweza kuitoa kwenye kabati miaka ishirini baadaye akaisoma upya.

Lakini filamu haipatani na hali ya hewa yetu. Joto na unyevu huitia ukungu wa weusi ambao haukutokana na mionzi, au hufifisha alama iliyokwishaingia. Beji iliyoachwa kwenye gari kwenye jua la Tanga au Mombasa inaweza kusingizia dozi ambayo hakuna aliyeipata. Filamu hutumika mara moja tu, na huhitaji dawa, maji safi na chumba cha giza. Ndiyo maana katika huduma nyingi nafasi yake imechukuliwa na beji aina ya TLD.

Ndani ya TLD hakuna filamu. Kuna vipande vya fuwele, kwa kawaida lithiamu floraidi iliyotiwa magnesi na titani kidogo sana. Kipande kimoja ni mraba wa milimita tatu hivi kwa upande, na unene wake hata milimita moja haufiki. Lithiamu floraidi ilichaguliwa kwa sababu inapokea mionzi karibu kama nyama ya mwili inavyoipokea, basi haihitaji masahihisho mengi kutoka kipimo cha fuwele hadi dozi ya mtu. Ile magnesi na titani ndiyo inayoipa fuwele uwezo wa kukumbuka na kung'aa. Mionzi ikipita hung'oa elektroni mahali pake, na baadhi ya elektroni hizo hunasa katika kasoro zilizo ndani ya fuwele, kama maji ya mvua yanavyobaki kwenye vishimo vya barabara baada ya mvua kuisha. Kadiri mvua ilivyokuwa kubwa, ndivyo vishimo vingi vilivyojaa. Katika joto la kawaida elektroni hizo hukaa humo miezi mingi, na upungufu wake ni mdogo.

Kuzitoa kunahitaji joto. Maabara, kadi yenye vipande hivyo hutolewa kwenye ganda lake na kuingizwa kwenye mashine ya kusomea. Mashine hupuliza gesi ya naitrojeni ya moto juu ya kila kipande, na joto hupanda kwa mwendo uliopangwa, kwa mfano nyuzi 25 kwa kila sekunde kuanzia nyuzi 50 hadi 300. Joto linapopanda, elektroni hutoka kwenye mitego yake, na zinaporudi mahali pake hutoa mwanga wa buluu uliofifia sana. Mrija wa kukuza mwanga uliofungwa gizani karibu na kipande huunasa mwanga huo na kuugeuza kuwa umeme. Kazi hii yote kwa kipande kimoja huchukua chini ya robo dakika.

Kwenye skrini ya mashine huchoreka mstari unaopanda, ukafika kilele karibu na nyuzi 200, kisha ukashuka. Mchoro huo ndio sahihi ya lithiamu floraidi. Eneo lililo chini yake ndilo kipimo cha mionzi, na umbo lake ndilo dhamana ya kipimo. Jasho, mafuta ya mikono, vumbi au poda ya glavu ikishika kwenye kadi huweza kuungua na kutoa mwanga wake wenyewe, na mwanga huo ukahesabiwa kama dozi. Haufuati umbo la kawaida, lakini: huja kuchelewa, kwenye joto la juu, mstari ukiendelea kupanda pale ulipotakiwa kushuka. Anayetazama namba tu bila kutazama mchoro atamwandikia mtu dozi ya vumbi.

Hapo kuna tofauti kubwa na filamu. Kipande cha TLD kikishasomwa kimefutika. Joto limemwaga maji yote kwenye vishimo. Ni faida, kwa kuwa kadi hiyohiyo inaweza kutumika tena mara mamia, ila hakuna kurudia. Kama umeme ulikatika katikati ya usomaji na hakuna betri ya akiba, miezi mitatu ya mtu imepotea. Kinachobaki ni mchoro uliohifadhiwa kwenye kompyuta, na maabara isiyohifadhi michoro yake imetupa ushahidi wake.

Sasa tuione namba inavyopatikana, kwa robo ile tulivu ya 0.22. Mashine ilisoma nanokulombi 13.5 za umeme kutoka kwenye kipande kinachopima dozi ya kina cha milimita 10 ndani ya mwili. Hakuna vipande viwili vinavyong'aa sawasawa kabisa, kwa hiyo kila kimoja kina namba yake ya kusahihishia, iliyopatikana kwa kukilinganisha na wenzake kabla ya kuanza kazi. Ya hiki ni 0.96. Mashine nayo, siku ile, ilikuwa ikitoa nanokulombi 24 kwa kila milisiveti moja, jambo lililopimwa asubuhi kwa kadi zilizopigwa dozi inayojulikana. Basi 13.5 mara 0.96, gawa kwa 24, tunapata 0.54.

Lakini 0.54 si dozi ya kazi. Dunia yenyewe inatoa mionzi: mawe, udongo, kuta, na miale kutoka angani. Kwa sababu hiyo kila hospitali hupewa beji moja ya ziada ya kulinganisha, ambayo haivaliwi na mtu. Husafiri pamoja na nyingine, kisha huwekwa ofisini, mbali na mashine, mpaka siku ya kurudishwa. Ya hospitali hii ilisoma 0.32. Toa 0.32 kwenye 0.54, inabaki 0.22, na hiyo ndiyo inayoandikwa. Sasa fikiria beji ya kulinganisha iwekwe kwenye kabati linalopakana na chumba cha eksirei. Itasoma juu, na kila mfanyakazi atapunguziwa dozi yake bila yeye kujua. Kosa la beji moja limeingia kwenye majalada ya watu wote.

Turudi kwenye 6.6. Hospitali yenyewe ilikuwa imejiwekea kwamba robo yoyote inayozidi 1.5 ichunguzwe, kwa hiyo simu kutoka maabara ilikuwa imeshapigwa kabla karatasi ya majibu haijafika.

Cha kwanza kilikuwa mchoro. Ulikuwa wa kawaida, kilele mahali pake, bila mkia wa uchafu. Kweli beji ilipigwa na mionzi. Cha pili kilikuwa vipande vingine vya kadi ileile, kila kimoja nyuma ya kichujio chake. Kile cha dozi ya ngozi kilizidi kile cha kina kwa kiasi kinacholingana na eksirei za hospitali zilizotawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa. Cha tatu kilikuwa beji za wenzake wawili wanaopokezana chumba kilekile. Zilisoma 0.20 na 0.17.

Hapa filamu ingesaidia kwa kingo za vivuli vyake. TLD haina vivuli, kwa hiyo ilibidi mtu aulizwe. Afisa wa kinga ya mionzi alimwendea fundi na kumwomba amwonyeshe siku yake ilivyo, tangu anapoingia hadi anapotoka. Ninaona hiyo ndiyo njia ifaayo, maana anayeulizwa kama mtuhumiwa atasema beji huwa kifuani siku zote.

Akaonyesha. Beji ilikuwa imebanwa kwenye aproni yake ya risasi. Aproni huivaa anapopeleka mashine ya magurudumu wodini. Siku nyingi hupiga picha chumbani, akiwa amesimama nyuma ya ukuta wa kinga, na hapo haihitaji. Zamani aproni ilitundikwa nje, kwenye korido. Tangu msumari wa korido ung'oke, ilitundikwa kwenye ndoano iliyo ndani ya chumba, hatua chache kutoka kwenye meza ya mgonjwa. Yeye akiwa nyuma ya ukuta, beji yake ilikuwa chumbani ikipokea mionzi ya kila picha.

Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, lakini mantiki haitoshi kubadili jalada la mtu. Afisa alitundika beji ya majaribio kwenye ndoano ileile kwa siku 10 za kazi. Ilirudi na 1.3. Aproni ilikuwa imekaa hapo siku 50 hivi za kazi, na 1.3 mara tano ni 6.5. Sasa kulikuwa na ushahidi.

Jalada likaandikwaje? Hapa ndipo watu wengi wema hukosea, kwa kuifuta 6.6 na kuweka namba nzuri. Namba iliyosomwa haifutwi kamwe. Jalada lilibaki na 6.6 kama beji ilivyosoma, na chini yake dozi iliyokadiriwa, 0.21, ambayo ni wastani wa robo nne zilizotangulia. Pembeni iliandikwa sababu, matokeo ya beji ya majaribio, tarehe, na sahihi za afisa na za fundi mwenyewe. Atakayelifungua jalada hilo miaka thelathini baadaye ataona namba zote mbili na kujua kwa nini moja ndiyo iliyohesabiwa.

Namba kubwa ina bahati ya kupigiwa simu. Mimi naogopa zaidi namba ndogo. Muuguzi anayesaidia chumba cha upasuaji ambamo eksirei huwashwa dakika nyingi mfululizo, karibu kabisa na mgonjwa, halafu kila robo beji yake inarudi haina kitu, huyo anahitaji kuulizwa kama alivyoulizwa fundi wetu. Mara nyingi beji iko kwenye droo, kwa hofu kwamba dozi ikiwa kubwa ataondolewa kazini, au kwa kusahau tu. Hata akiivaa, ipo chini ya aproni au juu yake? Beji iliyo chini ya aproni haijui macho yamepata nini, na iliyo kifuani haijui vidole vimepata nini. Wanaoingiza mikono karibu na miale huvaa pia beji ya pete kidoleni, kwa sababu mikono ina kikomo chake cha milisiveti 500 kwa mwaka, na mboni ya jicho nayo ina chake cha wastani wa 20.

Kuna uongo mwingine unaoingia kwa kalamu. Beji iliyopotea haina jibu, na katika majalada mengi nafasi hiyo hujazwa sifuri. Sifuri maana yake ni kwamba tulipima na hatukuona kitu. Beji iliyopotea maana yake ni kwamba hatukupima. Nafasi hiyo ijazwe makadirio, na iandikwe kwamba ni makadirio. Robo kumi za sifuri za kubuni zitamnyima mtu haki yake siku atakapougua na kutaka kujua kama kazi ilihusika.

Na jalada ni la mtu, halifungwi kwenye jengo. Kwetu ni kawaida fundi kufanya kazi asubuhi hospitali ya serikali na jioni kliniki binafsi. Kila mahali ana beji, na kila mwajiri anaona karatasi yake. Wa kwanza anaona 11 kwa mwaka, wa pili anaona 12, na wote wawili wanalala usingizi. Mtu huyo amepata 23. Hakuna atakayejua mpaka namba hizo mbili zikutane chini ya jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa na namba moja ya kitambulisho. Ndiyo maana karatasi ya majibu isiyo na utambulisho kamili wa mtu ni karatasi tupu, hata kama vipimo vyake ni sahihi kabisa. Anapohama kituo, jumla yake ihame naye, maana kile kikomo cha miaka mitano hakianzi upya kwa mwajiri mpya.

Viwango vya kimataifa vinataka jalada litunzwe angalau mpaka mhusika afikishe umri wa miaka 75, na pia kwa muda usiopungua miaka 30 tangu aache kazi ya mionzi. Aliyeacha akiwa na miaka 40, jalada lake litunzwe mpaka atimize 75. Aliyeacha akiwa na miaka 50, mpaka atimize 80. Hata akifa mapema, miaka inahesabiwa kana kwamba yu hai. Sababu ni kwamba saratani inayotokana na mionzi huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Ni muda mrefu kuliko umri wa kompyuta yoyote iliyo ofisini leo, na katika muda huo mchwa na unyevu huweza kumaliza kabati zima la karatasi. Nakala moja mahali pamoja haitoshi.

Kama unavaa beji hii, una haki ya kuona jalada lako. Liombe mwaka huu. Tazama jina lako na tarehe ya kuzaliwa, kisha tafuta robo ambayo unakumbuka ulipoteza beji, uone imeandikwa nini.